Punguza Gharama Kwenye Mchoro, Si Kwenye Saruji

Kama una mchoro wa nyumba mkononi na hujachimba msingi, mwongozo huu ni wako. Kama boma limeshasimama, sehemu kubwa ya fedha ninayoizungumzia hapa umeshaizika ardhini, na kilichobaki ni kubishana na muuza bati.

Hivyo ndivyo wengi wetu tunavyojenga. Mchoro tunaupenda tulivyoupata, tunaanza kazi, fedha zinapungua kwenye lenta, ndipo tunaanza kubana. Fundi anaambiwa mfuko mmoja wa saruji utoe matofali mengi zaidi. Nondo za milimita 12 zinageuka kuwa za 10. Karatasi ya kuzuia unyevu inarukwa. Bati la geji 28 lililokuwa kwenye mpango linakuwa la geji 32. Gharama imeshuka, ni kweli, lakini nyumba nayo imeshuka, na miaka michache baadaye mwenye nyumba analipa tena kwa kupiga ripu upya na kubadilisha paa.

Uhandisi wa thamani ni njia tofauti na hiyo. Ulianzia Marekani katika kampuni ya General Electric, kwa mhandisi Lawrence Miles aliyekuwa upande wa manunuzi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia malighafi zilikuwa adimu, na yeye akalazimika kutafuta mbadala wa vitu ambavyo havikupatikana. Alichokiona ni kwamba mara nyingi mbadala haukuwa duni. Wakati mwingine ulikuwa nafuu zaidi na ukafanya kazi vilevile au vizuri zaidi. Kufikia mwaka 1947 alikuwa ameligeuza jambo hilo kuwa utaratibu wa kudumu, na mwaka 1954 jeshi la majini la Marekani likaanza kuutumia katika idara yake ya meli. Kiini chake ni maswali machache. Kitu hiki ni nini? Kinafanya kazi gani? Kinagharimu kiasi gani? Ni kitu gani kingine kinaweza kufanya kazi hiyo hiyo? Na hicho kingegharimu kiasi gani?

Angalia kwamba hakuna swali linalouliza "tupunguze wapi". Unaanza na kazi, kisha unatafuta njia nafuu ya kuifanya. Tuchukue nyumba moja ya kawaida tuone maswali hayo yanavyofanya kazi.

Nyumba yenyewe

Ni nyumba isiyo na ghorofa, ya vyumba vitatu vya kulala, sebule, sehemu ya kulia, jiko, choo cha ndani cha chumba kikuu na choo cha pamoja. Eneo lake kwa vipimo vya nje ni mita 120 za mraba. Mchoro wa kwanza ni wa aina tunayoiona kila mtaa mpya wa Dar es Salaam, Dodoma au Mwanza: sebule imesogezwa mbele, chumba kikuu kimechomoza ubavuni, mlango wa mbele umeingizwa ndani kidogo. Ukiuzungushia mstari wa nje, unaingia kwenye mstatili wa mita 15 kwa 12 uliokatwa kona mbili na kubonyezwa mbele. Ina kona 12, na kuta zake za nje zina jumla ya mita 56.

Mita 120 za mraba hizo hizo ukizipanga kwenye mstatili wa mita 12 kwa 10 zinahitaji kuta za nje za mita 44 tu. Kona zinakuwa nne. Tofauti ni mita 12 za ukuta, na hujapoteza hata chumba kimoja.

Mita 12 zinaonekana ndogo mpaka uanze kuhesabu kinachoenda chini ya kila mita. Ukuta wa nje hauanzi pale unapouona. Unaanza na mtaro wa msingi, tuseme upana wa sentimita 60. Chini yake kuna zege la unene wa sentimita 20, juu ya zege kuna matofali ya msingi yaliyolazwa, kisha lenta ya chini, kisha ukuta wa takriban mita tatu, kisha lenta ya juu, kisha ripu ndani na nje, kisha rangi. Kwa tofali la inchi sita, mita moja ya mraba ya ukuta uliosimamishwa hula matofali tisa hivi ukihesabu na yanayovunjika. Kwa hiyo mita moja ya urefu hula matofali 27 juu ya ardhi, na mengine kama 15 chini ya ardhi ikiwa msingi una kimo cha mita 1.2. Jumla 42. Kwa mita 12 hayo ni matofali zaidi ya 500, ambayo katika mchoro wa kwanza hayakukuongezea hata nafasi ya kuweka kitanda.

Sasa itafutie mita hiyo bei, maana namba hii utaitumia tena na tena. Tuseme mtaani kwako tofali ni shilingi 1,500: matofali 42 ni shilingi 63,000. Saruji ya zege, ya kujengea na ya ripu inakaribia mifuko mitatu. Kwa shilingi 18,000 kila mmoja ni 54,000. Lenta mbili zenye nondo nne nne zinakula mita nane za nondo, na ringi zake, tuseme 20,000. Mchanga na kokoto 25,000, kuchimba na ufundi 60,000, rangi 15,000. Jumla ni shilingi 237,000 kwa mita moja ya ukuta wa nje. Bei hizi ni za mfano. Weka za kwako, lakini usiache kipengele hata kimoja. Kwa hesabu hii mita 12 zilizozidi zinapita shilingi milioni 2.8, na bado hatujafika kwenye paa.

Ukishakuwa na bei ya mita moja, mazungumzo na msanifu yanabadilika. Hamjadili tena kama kona fulani inapendeza au haipendezi. Mnajadili kama inapendeza kiasi cha shilingi laki tano.

Andika kazi kwa maneno mawili

Kabla hujafuta chochote kwenye mchoro, chukua karatasi na uandike kazi ya kila sehemu kwa kitenzi na jina la kitu, basi. Ukuta wa nje: beba paa, zuia mvua, zuia mwizi, ficha ndani. Upenu: kinga ukuta, tia kivuli. Dirisha: ingiza hewa, ingiza mwanga. Dari: zuia joto, ficha kenchi. Ukishindwa kuandika maneno mawili kwa sehemu fulani, hiyo ndiyo ya kuichunguza kwanza.

Ufupi huu una sababu. Ukiandika "upenu mzuri wa kisasa wenye fisha bodi ya mninga" umeshajifunga kwenye jibu moja. Ukiandika "tia kivuli", majibu yanakuwa mengi: upenu, kibaraza, mti, pazia la mianzi, au kuigeuza nyumba ili upande mrefu utazame kaskazini na kusini. Hilo la mwisho halina gharama kabisa likifanywa kwenye mchoro. Katika nchi zetu zilizo karibu na ikweta, jua la asubuhi na la alasiri ndilo linalopiga kuta kwa ubapa, kwa hiyo pande fupi za nyumba zitazame mashariki na magharibi kiwanja kikiruhusu.

Uwe mkweli pia kuhusu kazi ya kupendeza. Nyumba inatoa heshima, na mtu aliyeweka akiba miaka kumi ana haki ya kutaka nyumba inayotazamika. Iandike kazi hiyo kwenye karatasi, usiione haya: "pendeza mbele". Kisha uliza ni nini kingine kinaweza kuifanya. Katika nyumba yetu sebule ilichomozwa ili upande wa mbele usiwe bapa. Kazi hiyo hiyo inafanywa na kibaraza chenye nguzo mbili na paa linaloshuka kutoka kwenye paa kuu. Hakina kuta wala ripu ya ndani, na msingi wake ni mdogo, lakini kinaongeza kazi nyingine mbili: kinatia kivuli sebuleni na kinampa mgeni pa kukaa jioni. Kwa macho yangu kibaraza kinaipamba nyumba kuliko kona tatu zisizo na sababu, ila hapo naongea kama mtu wa pwani.

Kuna kazi ambazo mchoro hauzitaji lakini watu wa nyumba wanazijua. Korido ni mfano mzuri. Katika mchoro wetu korido ina mita 1.2 kwa 8, yaani karibu mita 10 za mraba za nyumba nzima. Kazi yake ni "pitisha watu". Mtu wa hesabu atakuambia uiondoe na milango ya vyumba ifungukie sebuleni. Subiri kwanza. Korido hiyo inafanya kazi ya pili ambayo haikuandikwa: inasitiri. Mgeni aliyekaa sebuleni hamwoni mtu anayetoka bafuni na khanga. Ukiifuta umepunguza gharama na umevunja kazi muhimu, na huo si uhandisi wa thamani. Jibu hapa ni kuifupisha: panga vyumba vitatu na choo cha pamoja kuzunguka ukumbi mdogo wa mita 1.5 kwa 3, wenye mlango mmoja au pazia kutoka sebuleni. Sitara inabaki, na karibu mita tano za mraba zinarudi vyumbani au zinaondolewa kwenye eneo la nyumba. Ndiyo maana kikao cha kuchambua mchoro kisiwe cha wanaume wawili na fundi. Anayepika, anayefua na anayelea watoto wajue kila mstari una maana gani.

Paa

Paa linastahili muda kuliko sehemu nyingine zote, kwa sababu hapo ndipo fedha nyingi zinapotea bila mtu kuona.

Anza na mwinamo. Watu wengi hudhani paa la pande nne linakula mabati mengi kuliko la pande mbili. Si kweli. Mwinamo ukiwa mmoja na eneo linalofunikwa likiwa moja, eneo la paa ni lile lile, liwe la pande mbili, nne au kumi. Kinachobadilika ni bati linalotupwa kwa kukatwa mshazari, urefu wa kofia, na mabonde pale mapaa mawili yanapokutana. Kinachoongeza eneo lenyewe ni ukali wa mwinamo. Kwa nyuzi 15 unaongeza asilimia 3.5 juu ya eneo la chini. Kwa nyuzi 35 unaongeza asilimia 22, na kwa nyuzi 45 asilimia 41.

Nyumba ya kwanza, yenye kona 12, upenu wa sentimita 60 na mwinamo wa nyuzi 35, ina paa la takriban mita 189 za mraba. Ya pili, mstatili wenye upenu ule ule na mwinamo wa nyuzi 15, ina mita 153. Tofauti ni mita 36 za mraba za bati, pamoja na papi, misumari na kazi yake. Kenchi nazo zimekuwa fupi kwa kimo na zote ni za namna moja: fundi anatengeneza kiolezo kimoja chini na kuzirudia, badala ya kupima kila kipande juu ya ukuta.

Sasa tazama kitu kizuri zaidi. Tuseme bati la geji 30 ni shilingi 18,000 kwa mita ya mraba na la geji 28 ni 22,000. Kumbuka kwamba namba ya geji ikipanda, bati linakuwa jembamba. Paa la kwanza kwa geji 30 lingegharimu kama shilingi milioni 3.4. Paa la pili kwa geji 28, bati nene zaidi, lingegharimu chini kidogo ya hapo. Umelipa sawasawa na umepata paa imara zaidi, kwa sababu umekata jiometri na hukugusa ubora.

Lakini usikubali hesabu inayoonyesha faida tu. Ukichagua paa la pande mbili, pembetatu za kuta mbili za mwisho lazima zijazwe. Kwa upana wa mita 10 na mwinamo wa nyuzi 15, pembetatu mbili zina takriban mita 13 za mraba, yaani matofali kama 120 na ripu ya nje. Hiyo ni gharama iliyorudi kwa mlango wa nyuma, iandike. Pembetatu hizo zinaweza kulipa deni lao kama utaziwekea matundu yenye wavu ili hewa ya moto iliyo juu ya dari itoke. Paa la pande nne halikupi nafasi hiyo kwa urahisi. Na paa lenye mwinamo mdogo linahitaji matundu hayo, maana bati limekaribia dari. Kwa upande mwingine, pembetatu hupokea upepo vibaya kuliko paa la pande nne. Kama kiwanja kiko wazi, ufukweni au juu ya kilima, mwulize mhandisi kuhusu kuzifunga kenchi kwenye lenta kwa vyuma badala ya misumari peke yake, na gharama hiyo nayo iingie kwenye hesabu.

Mwinamo nao una kikomo. Kila aina ya bati ina mwinamo wa chini kabisa ambao mtengenezaji anaukubali. Ukishuka chini yake, mvua ya masika inayopigwa na upepo inapanda kwenye maungio na kuingia ndani. Uliza kiwandani kabla ya kuchora. Uliza pia kama wanakata bati kwa urefu unaotaka. Katika nyumba yetu upande mmoja wa paa una urefu wa karibu mita 5.8, kwa hiyo bati la kipande kimoja kutoka kofia mpaka upenu linaondoa maungio ya katikati, na maungio ndiyo mahali pa kwanza pa kuvuja.

Hapa lazima niseme kidogo juu ya paa la kuficha, maana limekuwa mtindo. Kazi ya ukuta ule wa juu ni moja: ficha paa. Kwa nyumba yetu ya mita 44, ukuta wa kuficha wenye kimo cha mita 1.2 una karibu mita 53 za mraba. Hayo ni matofali kama 475 na ripu pande mbili, zaidi ya mita 100 za mraba, juu ya lenta. Ongeza mfereji wa ndani wa kupokea maji na mabomba ya kuyashusha. Ni kweli unaokoa bati la upenu, kama mita 28 za mraba. Lakini upenu ulikuwa unafanya kazi mbili, kukinga ukuta na kutia kivuli, na sasa kila dirisha linahitaji kifuniko chake cha zege na ukuta mzima unalowa. Mfereji wa ndani ukizibwa na majani, maji hayana pa kwenda isipokuwa darini. Sisemi usijenge hivyo. Nasema piga hesabu ya maneno mawili "ficha paa" mpaka mwisho, ikiwa ni pamoja na mtu wa kupanda kusafisha mfereji kabla ya kila masika na vuli, kisha amua kama unalitaka kwa bei hiyo.

Nguzo za kona

Mafundi wengi siku hizi huweka nguzo ya zege kila kona hata katika nyumba isiyo na ghorofa. Katika mchoro wetu wa kwanza hizo ni nguzo 12. Kila moja ina nondo nne za takriban mita 4.5, kwa hiyo jumla ni mita 216, yaani nondo 18 za mita 12, pamoja na ringi, mbao za kufungia na zege. Kazi yake? Jibu la kawaida ni "imara". Imara dhidi ya nini?

Katika nyumba ya matofali isiyo na ghorofa, iliyo juu ya udongo mgumu na yenye lenta inayozunguka kuta zote, mzigo wa paa unabebwa na kuta. Nguzo ya kona hapo mara nyingi haina mzigo wa maana. Lakini jibu hilo linabadilika kwa mahali. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, msingi wenyewe unahitaji usanifu maalumu. Na kwenye maeneo ya matetemeko nguzo hizo zina kazi halisi: zinazifunga kuta zisiachane kwenye kona. Tetemeko lililopiga Kagera Septemba 10, 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliangusha na kupasua nyumba nyingi za matofali. Mtu wa Bukoba asifute nguzo kwa sababu ya makala iliyomfikiria mtu wa Morogoro.

Kwa hiyo kanuni ni hii: kitu chochote kinachobeba au kufunga, kama msingi, nguzo, bimu, lenta au ngazi, hakifutwi na mwenye nyumba wala fundi. Kinapelekwa kwa mhandisi na swali lililoandikwa: kazi yake ni nini hapa, na ni nini kingine kinaweza kuifanya? Ada ya swali hilo ni ndogo kuliko nondo 18. Na akikujibu kwamba zibaki, kubali, lakini uliza zinabaki ngapi baada ya kona kupungua kutoka 12 hadi nne.

Vitu vidogo vinavyofuata

Ukishamaliza umbo na paa, mengine yanakwenda haraka. Vyoo viwili vipangwe mgongo kwa mgongo, na jiko liwe karibu nao, ili bomba la majitaka liwe moja na fupi na shimo lisiwe upande wa pili wa kiwanja. Vimo vya madirisha na milango vifuate kozi za matofali, ambazo kwa tofali la kusimamishwa ni kama sentimita 25 kila moja na udongo wake wa saruji, ili fundi asikate matofali kuzunguka kila dirisha. Vipimo vya vyumba vitazame urefu wa mbao na ukubwa wa vigae utakavyonunua. Chumba kinachozidi urefu wa ubao kwa sentimita kumi kinakulazimisha kununua ubao wa pili na kutupa sehemu kubwa yake.

Na yapo yasiyoguswa. Uwiano wa saruji katika zege na matofali, idadi na unene wa nondo, umbali wa nondo kutoka nje ya zege, karatasi na nailoni ya kuzuia unyevu, na siku zisizopungua saba za kumwagilia zege maji. Haya yana bei ndogo na yote yanafichwa na ripu, ndiyo maana yanavutia mtu wa kubana. Kuna njia rahisi ya kutambua pendekezo baya la kupunguza gharama: kama halionekani kwenye mchoro, hakuna aliyelitia sahihi, na mtetezi wake anasema "hakuna atakayejua", huo ni wizi wa ubora. Pendekezo jema linaonekana kwenye karatasi, na unaweza kutaja kazi iliyobaki na kinachoifanya sasa.

Kipimo cha pili ni muda. Kwa kila pendekezo uliza litagharimu nini baada ya miaka mitano na kumi. Rangi ya bei ya chini ukutani utaipaka tena, na hilo linavumilika. Bati jembamba karibu na bahari, ambako chumvi hula mabati haraka, utalibadilisha pamoja na dari iliyolowa na siku za kulala kwa jirani. Viwili hivi visiwekwe kwenye kapu moja eti kwa sababu vyote "vimeokoa laki nane".

Kikao na karatasi

Fanya kazi hii kwa kikao kimoja au viwili, mchoro ukiwa bado wa penseli, kabla ya kuupeleka halmashauri kuomba kibali. Kibali kikishatoka, kubadili umbo kunamaanisha kuchora na kuomba upya, na wengi hukata tamaa hapo. Waite msanifu, mhandisi, fundi mkuu utakayemtumia, mkadiriaji majenzi kama unaweza kumlipa, na watu wa nyumba. Fundi mpe nafasi ya kusema mapema. Yeye ndiye anayejua ni kona gani humchukua siku nzima. Msanifu asihisi anashtakiwa. Mpe bei ya mita moja ya ukuta na orodha ya kazi, umwombe mchoro wa pili unaofanya kazi zote hizo kwa ukuta mfupi. Msanifu mzuri atakushangaza.

Kila badiliko liandikwe kwenye karatasi moja: kilichokuwapo, kazi yake, kilichochukua nafasi yake, gharama ya kwanza, gharama mpya, gharama zilizorudi kwa mlango wa nyuma, na sahihi ya mhandisi pale inapohitajika. Katika nyumba yetu karatasi hiyo ingekuwa na mistari mitano tu: umbo, kibaraza, korido, mwinamo wa paa, nguzo. Kisha mchoro urekebishwe wote, wa msingi, wa paa na wa umeme, upigwe tarehe mpya, na nakala zote za zamani zikusanywe kutoka kwa fundi, msaidizi wake na mtu wa stoo. Nakala moja iliyosahaulika kwenye mfuko wa koti inatosha kuchimba mtaro wa mita 56.